Niliogopa "verily", nikaangushwa na "let"

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapa Dodoma, na kwa sababu hiyo mgeni yeyote asiyejua Kiswahili akifika kanisani kwetu, macho yote hunigeukia mimi. Miaka kadhaa iliyopita mchungaji alinipigia simu siku ya Jumatano. "Mwalimu, Ijumaa tunaanza mkutano wa siku tatu. Mhubiri ni mzee kutoka nje. Utasimama naye." Nikakubali kabla hajamaliza. Jambo ambalo hakunieleza, nami sikuuliza, ni kwamba mzee huyo hasomi Biblia nyingine ila ile ya Mfalme Yakobo, iliyotoka London mwaka 1611.

Nilipojua, Alhamisi jioni, nikaazima nakala na kuketi nayo mezani. Nikafanya kile ambacho nadhani kila mtu angefanya: nikawinda maneno nisiyoyajua. Nikaandika "begat", "verily", "behold", "unto", "wist", "wot", nikatafuta maana ya kila moja na kuikariri kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Saa sita usiku nikalala kwa amani. Leo nikikumbuka amani ile nacheka, maana maneno yote niliyoyaogopa hayakunisumbua hata kidogo.

Tuyapitie haraka basi, kwa kuwa ndiyo yanayomtisha anayeanza. "Verily" ni "kweli" au "hakika". Bwana Yesu anaposema "Verily, verily, I say unto you" katika Injili ya Yohana, Biblia yetu ya Muungano ya 1952 inasema "Amin, amin, nawaambia", na kwa kweli sisi ndio tuliolishika neno lenyewe, kwani kwenye Kigiriki limeandikwa "amen" vilevile. "Behold" ni "tazama", ingawa mara nyingi haliagizi mtu aangalie kitu kwa macho. Kazi yake ni kama ya mzee anayegonga fimbo chini kabla ya kusema jambo zito. "Wist" na "wot" yote ni ya kujua: Musa "wist not" kwamba uso wake unang'aa, yaani hakujua.

"Begat" lina jambo moja la ziada. Ni wakati uliopita wa "beget", kuzaa, na kwa kawaida lilisemwa juu ya baba. Mama yeye "bare". Sisi hatuhitaji vitenzi viwili, Ibrahimu alimzaa Isaka na Sara alimzaa Isaka, basi. Ijumaa mzee alianza na sura ya kwanza ya Mathayo, ambamo "begat" inajirudia karibu mara 40, nami nikateremka nayo "akamzaa, akamzaa, akamzaa" bila kujikwaa. Baada ya ibada kijana mmoja akanifuata na swali zuri: mbona mstari wa 8 unasema Yoramu akamzaa Uzia, wakati kwenye vitabu vya Wafalme kati yao wamo Ahazia, Yoashi na Amazia? Sikuwa na jibu siku hiyo. Jibu ni kwamba katika orodha za ukoo za namna hiyo "kuzaa" hubeba pia maana ya kuwa babu wa fulani, na Mathayo ameruka vizazi vitatu. Siyo kosa la Kiingereza wala la Kiswahili.

Nikaenda nyumbani nikijiona bingwa.

Jumamosi akafungua 1 Petro 3, mstari wa kwanza. Somo la ndoa, ukumbi umejaa akina mama. Akasoma kuhusu waume wasioliamini neno, kwamba wanaweza kuvutwa "without the word" kwa "the conversation of the wives". Nikatafsiri papo hapo, kwa sauti ya kujiamini: "wavutwe, pasipo neno, kwa mazungumzo ya wake zao."

Kimya kidogo, halafu vicheko. Mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele, Biblia imefunguliwa mapajani, akasema bila hata kunyanyuka: "Mwanangu, pasipo neno halafu kwa mazungumzo? Hayo mazungumzo ya bubu?" Ukumbi ukaangua. Mzee wa watu akatabasamu akidhani nimemsimulia kichekesho chake.

Kwenye Biblia ya yule mama iliandikwa "kwa mwenendo wa wake zao". Na ndivyo ilivyo. Mwaka 1611 "conversation" ilikuwa namna mtu anavyoishi na wenzake, tabia yake, mienendo yake. Maana ya kuongea ndiyo iliyokuja kulimeza neno zima baadaye. Petro anasema mume mkaidi huenda akaguswa na maisha ya mkewe hata kama mke hafungui mdomo kuhubiri. Nilichotamka mimi kilikuwa kinyume chake, na kwa bahati mbaya kilikuwa kinapinga nusu ya kwanza ya sentensi hiyohiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa alama niliyopaswa kuiona: sentensi ilikuwa inajipiga yenyewe ngumi. Sentensi ya Biblia ikianza kujipinga ndani ya mstari mmoja, mshuku mkalimani kabla ya kumshuku mtume.

Usiku ule nilipaswa kukaa tena mezani. Sikukaa. Nilijiambia ni ajali ya neno moja.

Jumapili akafungua 2 Wathesalonike 2. Nilikuwa sijawahi kuisoma sura hiyo kwa Kiingereza cha zamani. Mstari wa 7 unasema hivi: "he who now letteth will let, until he be taken out of the way." Herufi "-eth" hazikunishinda, nilikuwa nimejifunza kwamba ni "-s" ya leo, "letteth" ni "lets". Na "let" nani asiyeijua? Nawafundisha watoto wa kidato cha kwanza: "let me go", niruhusu niende. Nikasema: "yeye anayeruhusu sasa ataendelea kuruhusu, mpaka atakapoondolewa."

Safari hii hakucheka mtu. Na hapo ndipo ubaya ulipo. Mzee akahubiri dakika zipatazo 40 juu ya mstari huo, akieleza kuna nguvu inayouzuia uovu usifike kilele chake, nami kila alipolitaja neno "let" nasema "kuruhusu", na kila alipoeleza kwa Kiingereza cha kawaida nasema "kuzuia". Waumini walisikia mahubiri ya watu wawili wanaobishana. Mchungaji baadaye aliniambia alidhani mgeni amechoka na safari.

Ilinichukua wiki kuelewa kilichotokea. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili tofauti. Kimoja kiliandikwa "lettan", kuchelewesha au kuzuia, ndugu yake neno "late". Kingine kiliandikwa "lætan", kuacha au kuruhusu. Karne zilivyopita matamshi yakasogea mpaka vyote viwili vikawa "let", neno moja lenye maana mbili zinazogombana. La kuruhusu likabaki, la kuzuia likafa, ila limeacha mabaki: pasipoti ya Uingereza hadi leo inaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", bila kizuizi. Biblia ya Muungano inasema wazi kabisa "yuko azuiaye sasa". Ukiikuta "let" ya namna hii kwenye Warumi 1:13 au Isaya 43:13, ni ileile. Mbinu ya kuitambua ni kutazama kinachofuata. "Let" ya kuruhusu hufuatwa na mtu na kitendo: mwache fulani afanye jambo. "Let" ya kuzuia husimama peke yake, au hufuatwa na kitu kinachozuiwa, kisha sentensi inaisha.

Mpaka hapo hasara yangu ilikuwa aibu tu. Fedha zilifuata.

Mzee aliporudi kwao aliacha kijitabu cha masomo 12, nami nikapewa kazi ya kukitafsiri. Nilifurahi, nikaona ni nafasi ya kujisafisha. Nilijua sasa kuhusu "let" na "conversation", nikajua pia "suffer" ya Marko 10:14 haihusu mateso: "Suffer the little children to come unto me" ni "waacheni watoto wadogo waje kwangu". Kitabu kilikuwa kimejaa mistari ya Biblia, na hapa ndipo nilipofanya uamuzi wa kijinga kuliko yote: niliitafsiri mistari mwenyewe kutoka kwenye Kiingereza, badala ya kuinakili kutoka Biblia ya Kiswahili. Nilitaka mtiririko wa lugha uwe mmoja. Tukachapisha nakala 300.

Miezi michache baadaye alifariki mzee wa kanisa, mtu aliyenilea katika imani. Kwenye ibada ya mazishi msomaji akachukua kijitabu chetu, kwa kuwa kilikuwa na somo la tumaini kwa wafiwa, akasoma 1 Wathesalonike 4:15 kama nilivyoiandika: sisi tulio hai hatutawazuia wao waliolala.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya turubai. Nikasikia mtoto wa marehemu, mwanamke wa makamo, akimuuliza jirani yake kwa sauti ya chini: "Kwani nani alitaka kumzuia baba?"

Kiingereza kinasema "shall not prevent them which are asleep". "Prevent" limetoka kwenye Kilatini, "prae" mbele na "venire" kuja: kuja mbele, kutangulia. Ukitaka kuona lilivyofika kwenye kuzuia, fikiria watu wawili wanaokimbilia mlango mmoja mwembamba. Anayetangulia amekwisha kumziba mwenzake. Lakini watafsiri wa 1611 walikuwa bado kwenye kutangulia tu. Ndiyo maana katika Zaburi 119:147 mtunzi "prevented" mapambazuko. Hakuzuia jua lisichomoze, aliamka kabla yake akaomba. Paulo anawaambia Wathesalonike waliofiwa kwamba walio hai hawatakuwa na nafasi ya mbele kuliko marehemu wao. "Hakika hatutawatangulia," inasema Biblia yetu. Ndilo neno lililohitajika pale kaburini, nami nilikuwa nimeliondoa kwa mikono yangu.

Nilimwendea yule dada baada ya wiki moja, nikamwomba radhi na kumsomea mstari ulivyo. Akasema, "Asante mwalimu, basi baba yuko mbele ya foleni." Sijui kama alinisamehe au alinionea huruma.

Nakala 170 zilikuwa bado hazijagawiwa. Nilipozipitia upya nikakuta makosa ya namna hiyo sita. Nikalipa mwenyewe shilingi 85,000 kuchapisha vipande vidogo vya masahihisho, tukakaa na vijana wa kwaya Jumamosi mbili tukivibandika kwa gundi, ukurasa kwa ukurasa. Nakala zilizokwisha kutoka ziko huko zilipo.

Kati ya makosa yale sita lilikuwamo moja ambalo vijana wa kwaya hawajaacha kunitania nalo. Marko 6:25, binti wa Herodia anaomba apewe "by and by in a charger" kichwa cha Yohana Mbatizaji. Ashukuriwe Mungu sikuandika "chaja". "Charger" nilijua ni sinia, kwa wetu wa 1952 "kombe". Kilichoniponza ni "by and by", ambayo leo ni "baadaye kidogo", nami nikaandika hivyo. Wakati ule ilikuwa "sasa hivi". Binti hakutaka kungoja hata dakika, alijua mfalme anaweza kubadili mawazo, na hofu yote ya kisa kile iko katika haraka yake.

Nilichobadilisha baada ya hapo ni kitu kidogo. Siwindi tena maneno magumu. Neno gumu linajitangaza, linakusimamisha, unalitafuta, yanakwisha. Ninayemwogopa ni yule anayekuja na sura ya rafiki. Kwa hiyo sasa namwomba mhubiri mistari yake siku mbili kabla, naifungua Biblia ya Kiswahili kando ya ile ya Kiingereza, na ninasoma nikitafuta mahali ambapo mimi ningesema tofauti na walivyosema wao. Kila ninapotofautiana nao nadhani kwanza nimekosea mimi, na mara nyingi huwa hivyo. Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba "meat" ni chakula chochote na si nyama tu: "meat offering" ya Walawi 2 haina hata kipande cha nyama, ni sadaka ya unga. Ndivyo nilivyogundua pia kwamba "corn" katika mashamba waliyopita wanafunzi siyo mahindi. Mahindi yalikuwa bado ng'ambo ya bahari, Amerika. Ni ngano au shayiri. Na "quick" katika Waebrania 4:12 siyo kwamba Neno la Mungu lina mbio, li hai.

Na jukwaani siutafsiri mstari kamwe. Mhubiri akisoma kwa Kiingereza, mimi nasoma Kiswahili kilichochapwa. Kamusi ndogo za mfukoni hazisaidii sana, kwani nyingi zinatoa maana ya leo tu. Tafuta kamusi kubwa inayoonyesha maana zilizokufa, au linganisha mistari mingine yenye neno hilohilo.

Njia hii ina mpaka wake, niliukuta mwaka uliofuata. Alikuja mhubiri mwingine, kijana, akachukua 1 Petro 2:9, "a peculiar people", akajenga hubiri zima juu ya Wakristo kuwa watu wa ajabu, wa tofauti, wanaoshangaza majirani. Mimi nikasoma kutoka Kiswahili "watu wa milki ya Mungu", na hubiri likabaki halina miguu. Waumini wanatazama Biblia zao, ajabu yenyewe hawaioni. Neno hilo lilitokana na "peculium" la Kilatini, mali ya mtu binafsi, na ndani yake mna "pecu", mifugo. Hapa kwetu Ugogoni hakuna haja ya kueleza zaidi: ni ng'ombe wako mwenyewe, wenye alama yako. Lakini nifanye nini, nimsahihishe mgeni mbele ya watu? Nilitafsiri alichosema kama alivyosema, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya mkalimani. Tulipokuwa tunakunywa chai nikamweleza habari ya ng'ombe. Alinyamaza kidogo, halafu siku ya pili akaanza hubiri lake na ng'ombe wenye alama. Lilikuwa zuri kuliko la kwanza.

Kuna sehemu moja tu ambayo Mswahili anaanza mbele ya Mwingereza mwenyewe, nayo ni "thou" na "ye". Wengi hudhani "thee" na "thou" ni lugha ya heshima kwa Mungu. Siyo. Katika Biblia ile Shetani naye anaambiwa "Get thee hence". "Thou", "thee" na "thy" ni wewe mmoja. "Ye", "you" na "your" ni ninyi. Kiingereza cha leo kimepoteza tofauti hiyo, sisi hatujaipoteza. Soma Luka 22:31-32, Yesu akizungumza na Petro: Shetani amewataka "you", lakini nimekuombea "thee". Msomaji wa Kiingereza cha kisasa hupita hapo bila kuona kitu, asipowekewa maelezo pembeni. Kwetu imeandikwa kweupe: "amewataka ninyi", halafu "nimekuombea wewe". Wote wanatakiwa, mmoja anaombewa, ili akisha kuongoka awaimarishe wengine.

Nilikuwa nikilieleza hilo darasa la vijana mwezi uliopita, kwa majivuno kidogo, nikiwasifia Kiswahili chetu kinavyosomeka bila kamusi. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, inasema 'imani yako isitindike'. Kutindika ni nini?"

Nimeusoma mstari ule tangu utotoni. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ikabidi nitoke nje, kwa yule mama wa mstari wa mbele, aliyekuwa anachambua mchele chini ya mwembe.

"Kutindika?" akasema bila kuinua macho. "Unga ukitindika ndani, mwanangu, umekwisha. Unapika nini?"